Kushuka kwenye chemba ya majitaka: kibali, kipimo cha gesi na maandalizi ya kumtoa mtu

Chemba nitakayoitumia hapa kama mfano ipo pembeni ya barabara ya mtaa Dar es Salaam. Upande mmoja kuna mgahawa, upande wa pili gereji ya pikipiki. Kina chake ni mita 4, upana mita 1.2, na mdomo wa mfuniko ni sentimita 60. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameganda na kushikana na mchanga, bomba la kutokea likaziba, na majitaka yakaanza kurudi kwenye vyoo vya nyumba za jirani. Ni kazi ya kawaida kabisa. Kuna mafundi wanaoifanya kwa kaptula, kamba ya katani na kiroba, na siku nyingi wanarudi nyumbani salama. Siku ambayo hawarudi haina dalili yoyote ukiwa umesimama juu, na ndiyo sababu ya utaratibu huu wote.

Kabla ya chochote: lazima mtu ashuke?

Swali la kwanza kwenye karatasi yangu ya kibali linauliza kwa nini kazi hii haiwezi kufanyika kutoka juu. Gari la kunyonya lenye bomba la presha linatoa tope na kuvunja mafuta bila mtu kuingia. Fimbo za kuzibulia zinafika mita nyingi ndani ya bomba. Kamera ya bomba inaonyesha kilichoziba. Katika mfano wetu gari lilinyonya maji na tope jepesi, likabakisha donge gumu la mafuta na kipande cha zege kilichovunjika kwenye shingo ya chemba na kukwama mdomoni mwa bomba la kutokea. Mpira wa kunyonyea haukuweza kukishika, na ndoano kutoka juu ilijaribiwa mara nne. Hapo ndipo tukakubali mtu ashuke, kwa kazi moja tu ya kufunga kamba kwenye zege na kuvunja donge. Kazi nyingine yoyote ilibaki ya gari.

Ukiandika "usafi wa chemba" kwenye kibali, umempa mtu ruhusa ya kukaa chini saa tatu. Ukiandika "kufunga kamba kwenye zege na kuvunja donge la mafuta kwa mtaimbo", umempa nusu saa.

Watu na maji

Tunahitaji watu wanne, na hatupungui hapo. Kuna mshukaji. Kuna mlinzi wa mdomo, ambaye kazi yake ni kumwangalia mshukaji, kuongea naye na kusoma kipima gesi, basi. Havuti ndoo wala haendi kununua maji ya kunywa, na akipigiwa simu na nyumbani hapokei. Wa tatu yuko kwenye winchi. Wa nne ni msimamizi mwenye kibali, ambaye pia anaangalia barabara, blowa inayopuliza hewa shimoni, na hali ya hewa. Mara nyingi bosi husema watatu wanatosha kwa sababu mlinzi wa mdomo "amekaa tu". Kukaa hapo na kuangalia ndiko kazi aliyopewa.

Siku moja kabla, piga simu kituo cha pampu kilicho upande wa juu wa mtandao wa mabomba, kama kipo. Pampu ikiwashwa wakati mtu yuko chini, majitaka yaliyolala bombani siku nzima yanafika kwa kishindo pamoja na gesi yote yaliyoibeba. Pampu izimwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao msimamizi wa chemba, asiachiwe mtu wa kituoni. Bomba la kuingilia liliwekewa puto la mpira linalojazwa upepo, likafungwa kwa mnyororo juu ya chemba ya nyuma ili lisisombwe likilegea. Tulipima muda: nyumba zilizokuwa juu ya puto zilijaza bomba hadi nusu kwa dakika 50. Kwa hiyo kazi ya chini ilipewa dakika 30, na puto likalegezwa kabla halijabeba mzigo mzito.

Mvua nayo ihesabiwe kama maji yanayoingia. Wakati wa masika anga linaweza kuwa jeupe mlipo huku inamwagika Kimara, na mitaa mingi ina watu waliounganisha maji ya mvua kwenye bomba la majitaka kinyume na utaratibu. Kama kuna wingu zito popote kwenye eneo linalotiririkia chemba hiyo, kibali hakitoki.

Kinachoua huko chini

Gesi yenyewe ni hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Inatengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye utando na tope lisilofikiwa na hewa, na joto la pwani linawaharakisha. Pua ya binadamu inainusa ikiwa kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa milioni, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, neva za kunusa zinakufa ganzi. Harufu inapotea na fundi anasema hewa imekuwa safi. Ikifika kati ya 500 na 1,000 mtu anaanguka ndani ya pumzi chache, bila kupiga kelele.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba gesi nyingi imefungwa ndani ya tope na maji. Ukipima chemba iliyotulia unaweza kupata sifuri. Ukichoma mtaimbo kwenye tope hilohilo, gesi inatoka kama soda iliyotikiswa. Kipimo cha kabla ya kushuka kinakueleza hali ya chemba ambayo hakuna aliyeigusa. Kwa sababu hiyo mshukaji anashuka na kipima chake kifuani, na mlinzi ana cha pili chenye bomba lililoning'inia chini muda wote.

Methani nayo ipo. Haikupi sumu, lakini inafukuza oksijeni na inawaka. Na katika mtaa wenye gereji kuna petroli na dizeli zinazomwagwa kwenye mfereji. Mvuke wa petroli ni mzito na unalala chini, tofauti na methani inayopanda. Kaboni monoksaidi mara nyingi haitoki chemba. Tunaileta wenyewe kwa jenereta na magari.

Kuandaa kipima gesi

Tunatumia kipima cha gesi nne chenye pampu ndogo na bomba la kunyonyea. Kila asubuhi kinawashwa kwenye hewa safi, mbali na gari na jenereta, mpaka kioo kionyeshe `O2 20.9`, `LEL 0`, `H2S 0`, `CO 0`, yaani oksijeni kwa asilimia, gesi inayowaka kwa asilimia ya kiwango kidogo kabisa kinachoweza kulipuka, kisha hidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi kwa sehemu kwa milioni. Kukiwasha pembeni ya gari linalonguruma na kukiamuru kiweke sifuri ni kosa la siku nzima: utakuwa umekifundisha kwamba moshi ndiyo hewa safi.

Baada ya hapo kinapuliziwa gesi ya majaribio kutoka kwenye mtungi wake mdogo, tuone kama vipimo vyote vinapanda na kama king'ora kinalia. Inachukua chini ya dakika mbili. Kihisi kilichokufa kinaonyesha sifuri nzuri tu, sawa na kihisi kizima kwenye hewa safi. Vihisi vya gesi inayowaka vinaharibiwa hasa na silikoni, kama ile ya dawa za kung'arishia dashibodi na gundi za kuzibia mabomba, kwa hiyo kipima hakiwekwi kwenye sanduku moja na vitu hivyo.

Mwisho, ziba ncha ya bomba la kunyonyea kwa kidole. Pampu ikae kimya na kipima kilalamike. Kikiendelea kunyonya kama kawaida, bomba limetoboka mahali na unapima hewa ya barabarani.

Kupima, mfuniko ukiwa bado haujafunguka

Mfuniko wa chuma ni mzito na unakwaruza. Kwenye chemba yenye mvuke wa petroli, cheche moja inatosha. Kwa hiyo ncha ya bomba inapitishwa kwanza kwenye tundu la kunyanyulia, na tunasubiri. `LEL` ikiwa 10 au zaidi, hatuufungui kwa nguvu. Tunamwagia maji ukingoni, tunaunyanyua polepole kwa ndoano mbili, watu wawili wamesimama upande upepo unakotoka, na hakuna sigara wala simu karibu.

Mfuniko ukishafunguka, mpangilio wa kusoma ni oksijeni kwanza, kisha gesi inayowaka, kisha sumu. Sababu yake ni ya kifundi: kihisi cha kawaida cha gesi inayowaka kinaichoma gesi hiyo kidogokidogo ndani yake, na kuchoma kunahitaji oksijeni. Oksijeni ikiwa chini sana, kioo kitaonyesha `LEL` ndogo kuliko ukweli. Bila kujua oksijeni, namba ya pili haina maana.

Teremsha bomba kwa hatua za mita moja au kidogo zaidi, na kila hatua usubiri. Hewa inachukua sekunde kadhaa kusafiri kwenye kila mita ya bomba, kisha kihisi nacho kinahitaji muda wa kutulia. Sisi tunahesabu dakika 2 kamili kwa saa ya mkononi. Fundi mwenye haraka huteremsha bomba mpaka chini, anaona sifuri kwa sekunde kumi, anavuta. Kipima kinalia akiwa ameshakirudisha kwenye sanduku, naye anasema kimeharibika. Ncha isiguse maji, ibaki kama kiganja kimoja juu yake.

Siku ile tulisoma hivi, saa 3:10 asubuhi:

```
Kina     O2     LEL   H2S   CO
0.5 m    20.9   0     0     0
1.5 m    20.8   0     1     0
2.5 m    20.6   1     4     0
3.8 m    20.2   3     17    0
```

Tazama mstari wa mwisho. Mipaka inayowekwa na kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, kuhusu sehemu finyu, ambayo viwanda vingi vya vipima huitumia kama king'ora cha kuanzia, ni oksijeni isiyopungua 19.5 wala kuzidi 23.5. (Hiyo OSHA ya Marekani isichanganywe na OSHA yetu Tanzania, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Majina yanafanana, taasisi ni mbili.) Kwa mpaka huo 20.2 inaonekana nzuri, na kuna wasimamizi wangepiga tiki. Lakini jiulize oksijeni imeenda wapi. Unyevu wa chemba unaweza kuishusha kwa 0.1 au 0.2, na hilo halitishi. Imeshuka 0.7. Oksijeni ni kama sehemu moja kwa tano ya hewa, kwa hiyo kama imefukuzwa na gesi nyingine, gesi hiyo imejaza zaidi ya asilimia 3 ya chemba, sawa na sehemu 30,000 kwa milioni. Au bakteria wameila na kuacha kaboni dayoksaidi, ambayo kipima hiki hakiipimi kabisa. Kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba oksijeni ikipungua chini ya 20.6 hatushuki mpaka tujue sababu au tuitoe, hata kama king'ora kimenyamaza.

`H2S` 17 haihitaji mjadala. Hapo hakuna kushuka.

Kupuliza hewa

Blowa ilikaa mita 6 kutoka mdomoni, upande upepo unakotoka, na jenereta mbali zaidi ya hapo, moshi ukielekea kwingine. Mpira wa hewa uliteremshwa mpaka kama nusu mita juu ya sakafu ya chemba. Ukiuacha umening'inia juu, hewa safi inazunguka mdomoni na kurudi nje, chini kunabaki vilevile.

Hesabu yake ni nyepesi. Chemba ya duara yenye upana wa mita 1.2 na kina cha mita 4 ina ujazo wa mita za ujazo 4.5. Blowa yetu imeandikwa 1,500 kwa saa, lakini mpira mrefu na kona moja vinaila, kwa hiyo ninahesabu nusu: 750 kwa saa, yaani 12.5 kwa dakika. Kubadilisha hewa ya chemba mara 20 kunahitaji mita za ujazo 90, dakika 7 na kidogo. Tunapuliza 15. Hiyo ziada inatokana na kwamba chemba haina kuta zilizofungwa. Bomba za pembeni zinavuta na kutoa, na hewa tunayopuliza inaweza kusukuma gesi ya bomba la jirani ikarudi kwetu.

Tulipima tena saa 3:40, hatua zilezile na blowa ikiwa inafanya kazi. Chini kabisa `O2` ilikuwa 20.9, `LEL` 0 na `H2S` 0, ila `CO` ilisoma 14 na kupanda. Tukatafuta. Pikipiki ya mteja wa gereji ilikuwa imewashwa karibu na blowa, fundi akisikiliza injini. Nilikwenda mwenyewe.

"Samahani kaka, tuna mtu anataka kushuka hapo. Moshi wako wote unaingia shimoni."

Akaizima na kuisogeza nyuma ya ukuta. Baada ya dakika 10 `CO` ikasoma 0. Blowa haichagui hewa, inasukuma chochote kilichopo mdomoni mwake.

Blowa ikizimika, mshukaji anatoka. Hata kama ni mafuta ya jenereta yameisha na kuyajaza ni dakika moja, anatoka, na tunapima upya.

Maandalizi ya kumtoa

Sehemu hii inakamilika kabla ya kibali kusainiwa. Mwaka 1986 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, iliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye sehemu finyu ni watu walioingia kuokoa. Mmoja anaanguka, rafiki anashuka kumshika, naye anaanguka, wa tatu ni ndugu. Nimewahi kusimama kwenye chemba ya namna hiyo baada ya yote kuisha. Walikuwa wawili, na kamba ambayo ingemtoa wa kwanza ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya gari.

Ubongo unaanza kuharibika baada ya kama dakika 4 bila oksijeni. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapigiwa 114, nasi tunawapigia, lakini hawawezi kukata foleni ya Dar ndani ya dakika 4. Kwa hiyo mpango wa kuokoa ni ule tu unaoweza kutekelezwa na watu walio pale, bila yeyote kuingia.

Juu ya mdomo inasimamishwa stendi ya miguu mitatu, miguu imefungwa mnyororo isiteleze. Ina winchi ya mkono iliyotengenezwa kwa kuvuta binadamu. Winchi ya kuvutia gari au mzigo haikubaliki, kwa sababu nyingine zinateleza na nyingine zinavuta kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Mshukaji anavaa hanesi ya mwili mzima na waya unafungwa kwenye pete ya mgongoni, kati ya mabega, ili akizimia atoke amesimama wima na mabega yapite kwenye mdomo wa sentimita 60. Mkanda wa kiunoni unamkunja mtu katikati, na mtu aliyekunjwa hapiti.

Waya unabaki umefungwa muda wote. Kuna mshukaji hulalamika unamsumbua na kuomba aufungue "kidogo tu". Akiufungua, kibali kimekufa. Vilevile haingii ndani ya bomba la pembeni hata kama linamtosha. Winchi inavuta juu. Mtu aliye mita mbili ndani ya bomba atavutwa na kugonga kwenye kona, na hatatoka.

Tulifanya jaribio kabla ya kazi. Mtu wa winchi alimteremsha mshukaji mita moja na nusu, mshukaji akalegeza mwili kama aliyezimia, akavutwa. Ilichukua sekunde 35. Tukakadiria kutoka chini kabisa kuwa dakika moja na nusu. Katika jaribio hilo tuligundua kofia yake inanasa kwenye ngazi ya chuma ya pili, tukahamisha stendi sentimita 20. Huwezi kuligundua hilo kwa kusoma karatasi.

Kiunoni mshukaji ana kifaa kidogo cha kupumulia cha kutorokea, chenye hewa ya dakika 10. Hicho ni cha kutokea tu. Kama hewa ya chini inahitaji kifaa ili mtu aingie, hiyo ni kazi nyingine, yenye mitungi mikubwa na watu waliofunzwa, na sisi hatuifanyi kwa kibali hiki.

Akitolewa akiwa hajitambui, analazwa mita kadhaa kutoka mdomoni, upande upepo unakotoka. Usimpulizie mdomo kwa mdomo moja kwa moja: tumia barakoa yenye vali, kwa sababu ya gesi na uchafu alionao. Kama hapumui, anza kubonyeza kifua na usisubiri gari la wagonjwa.

Kibali chenyewe

Kibali chetu ni ukurasa mmoja. Kinataja chemba moja, kazi moja, majina ya watu wanne, na saa. Hakihamishiki kwenda chemba ya pili hata kama iko hatua ishirini. Kinasainiwa pale mdomoni, baada ya vipimo kuandikwa. Kibali kilichosainiwa ofisini asubuhi ni barua tu. Masharti ya siku ile yaliandikwa hivi:

```
Muda: 3:55 hadi 4:25 asubuhi. Hakuna kuongeza.
Kushuka:  O2 20.6 - 20.9  LEL 0   H2S 0      CO chini ya 10
Kutoka:   O2 < 20.6       LEL 5   H2S 5      CO 20
Vipimo kuandikwa kila dakika 5.
Kibali kinakufa: king'ora chochote, blowa kuzimika,
mlinzi kuondoka, waya kufunguliwa, mvua, puto kulegea,
mshukaji kutojibu mara mbili.
```

Namba za kutoka tumeziweka ziwe kali kuliko zile za king'ora cha kiwandani makusudi. Kwa hidrojeni salfaidi, Uingereza wanatumia 5 kwa siku nzima ya kazi na 10 kwa dakika 15. Sisi 5 ndiyo ishara ya kutoka, kwa sababu kwenye tope haipandi moja moja. Inaruka.

Neno "kinakufa" tumelichagua kwa kusudi. Kibali hakisimamishwi kisha kikaendelea. Kikifa kinaandikwa kingine, na kipimo kinaanza upya kutoka mita 0.5.

Dakika zenyewe

Alishuka 3:57 kwa winchi, bila kukanyaga ngazi za chuma za ukutani. Ngazi hizo huliwa na asidi inayotokana na gesi hiyohiyo, na mara nyingi zinaonekana nzima mpaka uzikanyage. Mlinzi alikuwa anamwita kila nusu dakika.

"Dogo, vipi?"

"Poa."

"Namba?"

"Sifuri. Ishirini nukta tisa."

Kumwambia asome namba ni bora kuliko kumuuliza kama yuko salama, kwa sababu mtu anayeanza kulewa gesi bado anaweza kujibu "poa" kwa mazoea. Kusoma namba kunahitaji akili iwe timamu.

Saa 4:04 alikuwa ameshafunga kamba kwenye zege na likavutwa juu, yeye akiwa amebana ukutani upande wa pili, kwa kuwa hakuna nafasi ya kukimbia kitu kikianguka. Saa 4:08 akachoma mtaimbo kwenye donge la mafuta. Kipima cha kifuani kilionyesha `H2S` 2, kisha 6, kisha kikalia. Cha mlinzi kilikuwa bado 1, maana bomba lake lilihitaji muda. Hakuna aliyelinganisha namba. Mlinzi alisema neno moja, "Toka", na winchi ikaanza. Alipofika juu 4:10 kipima chake kilikuwa kimerekodi kilele cha 38. Alikuwa mzima, analalamika macho yanawasha.

Alitaka kurudi. Donge lilikuwa limepasuka na lilibaki pigo moja, na mwenye mgahawa alikuwa amesimama anatuangalia. Lakini kibali kilikuwa kimekufa, na vilevile sababu ya kushuka ilikuwa imekwisha: donge lililopasuka ni kazi ya bomba la presha. Gari lilirudi, likapiga maji kutoka juu dakika 25 na kunyonya mafuta yote. Mdomoni mwa chemba `H2S` ilipanda hadi 60 wakati wa kupiga maji. Hakukuwa na mtu chini.

Kufunga

Vifaa vilihesabiwa kwa orodha: mtaimbo, kamba mbili, taa moja, bomba la kupimia, mpira wa blowa. Puto lililegezwa polepole kwa robo saa, maana ukilitoa upepo wote kwa mkupuo, maji yaliyokusanyika yanavamia chemba za chini kwa kishindo, na huko pengine kuna timu nyingine. Kufuli ya pampu iliondolewa na msimamizi mwenyewe baada ya kupiga simu. Mfuniko ukarudishwa na kukanyagwa kuona hauchezi.

Mshukaji alioga kwa sabuni palepale kwa maji ya tanki, nguo zikaingia kwenye mfuko wake peke yake, na mchubuko mdogo wa kiwiko ukasafishwa na kuandikwa, kwa sababu ya pepopunda na homa ya mkojo wa panya. Kwenye kibali, chini ya namba 38, niliandika saa, kilichokuwa kinafanyika dakika hiyo, na maneno "donge la mafuta, gesi imefungwa ndani, kazi ya presha tu". Nakala ikaingia kwenye faili la chemba ile.

Miezi mitano baadaye ikaziba tena. Safari hiyo aliyekwenda hakubeba stendi, alibeba namba ya simu ya dereva wa gari.